Mauzo Yasiyoonekana Nyuma ya Kitufe cha Kukataa

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni kidakuzi: maandishi mafupi yanayohifadhiwa kwenye kivinjari ili tovuti imtambue mgeni anaporudi. Watangazaji walikishika upesi. Mtu akibofya tangazo Jumatatu na kununua Alhamisi, kidakuzi ndicho kilichounganisha siku hizo mbili.

Kwa miaka mingi wanunuzi hawakuulizwa. Sheria ya Ulaya ilidai ridhaa tangu 2009, lakini tovuti nyingi ziliweka kisanduku chenye tiki tayari. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kampuni ya Ujerumani iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba tiki ya namna hiyo si ridhaa. Januari 2022 mdhibiti wa Ufaransa, CNIL, alitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Haki ya kukataa kwa urahisi ilichelewa mno kutolewa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la viatu la Ufaransa. Watu 1,000 wanabofya tangazo lake. 600 wanakubali vidakuzi, 400 wanakataa. Ripoti inaonyesha mauzo 30, yote ya waliokubali. Waliokataa nao wamenunua, viatu vyao vimesafirishwa, ila hakuna kinachounganisha malipo yao na tangazo. Mwenye duka akiiamini ripoti hiyo, atalifuta tangazo linalomlipa.

Aprili 2021 Google ilianza kuziba pengo hilo kwa makadirio kupitia Consent Mode. Mgeni akikataa, `ad_storage` husomeka `denied`. Kidakuzi cha matangazo hakiwekwi. Tovuti ikiruhusu, hutumwa ishara isiyomtambulisha mtu, yenye mambo kama saa na aina ya kivinjari. Mfumo hujifunza kwa waliokubali, kisha hukadiria waliokataa.

Ugumu uko hapo. Waliokubali walinunua kwa asilimia 5. Ukiwapa waliokataa kiwango hichohicho, unaongeza mauzo 20 na kupata 50. Lakini aliyekubali mara nyingi ndiye aliyekuja na nia ya kununua. Kama waliokataa wananunua kwa asilimia 2, nyongeza ni 8, jumla 38. Mfumo hujaribu kurekebisha tofauti hiyo, lakini unahitaji mibofyo mingi. Kampeni ndogo huweza kukosa makadirio kabisa.

Makadirio hayo yanafaa kulinganisha kampeni kubwa kwa wiki kadhaa. Hayawezi kukutajia nani alinunua, wala kuthibitisha kwamba bila tangazo asingenunua. Kwa hiyo, mwenye duka, kabla ya kubadili bajeti fungua daftari la oda: mauzo ya makadirio yakipanda ghafla ilhali oda hazijasogea, usiongeze hata yuro moja.