Gramu 20 za Chokoleti: Onyo la Riwaya za Distopia

Akiulizwa jamii ya kubuni katika riwaya ya distopia inatuonya nini, mwanafunzi wa sekondari mara nyingi huorodhesha vitisho: askari wa siri, mateso, macho ya serikali kila kona. Orodha hiyo haijibu swali. Onyo hujificha katika shughuli za kawaida za jamii hiyo, na insha nzuri huchagua shughuli moja ikaifuatilia hadi mwisho.

Mrusi Yevgeni Zamyatin, mhandisi wa meli, aliandika riwaya yake *Sisi* mwaka 1920 na 1921. Raia wake wana namba badala ya majina. Wanaishi katika nyumba za vioo, na pazia hushushwa kwa kibali tu. Riwaya ilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Kwao Urusi ilisubiri hadi 1988. George Orwell, ambaye wengi wetu tulikutana naye katika *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, aliihakiki *Sisi* mwaka 1946. Riwaya yake *1984* ikatoka Juni 1949.

Humo, Winston Smith ni mtumishi wa Wizara ya Ukweli. Serikali ilikuwa imeahidi kwamba mgawo wa chokoleti hautapunguzwa, na sasa utashuka kutoka gramu 30 hadi 20. Winston anaibadilisha ahadi iliyokwisha kuchapwa isomeke kama tahadhari kwamba huenda mgawo ukapungua Aprili. Gazeti la siku ile huchapwa upya, nakala za awali huteketezwa, na karatasi za kazi hutumbukizwa katika tundu la ukutani linaloelekea kwenye tanuri. Kesho yake yanatangazwa maandamano ya kumshukuru Kaka Mkubwa, mtawala wa nchi, kwa *kupandisha* mgawo hadi gramu 20. Jirani wa Winston, Parsons, anameza habari hiyo bila shida.

Hapa hakuna aliyepigwa. Mtu ameondolewa tu kipimo cha kulinganishia jana na leo, na bila kipimo hicho hata lalamiko halipati pa kusimama. Hiyo ndiyo hoja ya kuweka katika aya ya kwanza. Aya ya pili ieleze hatua za kazi ya Winston kwa utaratibu wake. Aya ya tatu iende kwenye historia: Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, aliuawa mwaka 1940, kisha akafutwa katika picha aliyopigwa kando ya bosi wake.

Mfano mwingine unavutia zaidi, ila una mtego. Baada ya Beria, mrithi wa Yezhov, kuuawa, wanunuzi wa ensaiklopidia kuu ya Kisovyeti walitumiwa kurasa mpya, zikiwemo za Bahari ya Bering, wazibandike mahali pa kurasa zilizomhusu. Hiyo ilikuwa 1954. Orwell alikufa Januari 1950, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuutumia kuonyesha kwamba onyo lilikuwa na msingi, si kueleza lilikotoka.