Ukifika hotelini baada ya saa sita usiku, chumba ni cha tarehe ipi?

Tuchukue abiria anayeondoka Nairobi Jumanne tarehe 13, saa 5:40 usiku. Ndege inatua Dar es Salaam saa saba usiku, na hadi amalize uhamiaji na kupata teksi, anafika hotelini saa nane. Kwa kalenda, tayari ni Jumatano tarehe 14. Je, aweke nafasi kuanzia tarehe gani?

Wengi huandika 14, kwa sababu ndiyo tarehe ya kufika kwenye tiketi. Matokeo yake ni kwamba chumba chake kitakuwa tayari saa nane mchana, saa kumi na mbili baada ya yeye kufika. Usiku huo chumba ni cha mgeni mwingine, au kipo wazi lakini kitatozwa bei ya ziada.

Hoteli haiuzi siku, inauza usiku, na kila usiku hubeba tarehe ya jioni ulipoanza. Kiswahili kinalieleza hili vizuri: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Katika vitabu vya hoteli, huo ni usiku wa tarehe 13 mpaka kunapambazuka. Kwa hiyo abiria wetu aweke nafasi kuanzia tarehe 13.

Hapo linakuja suala la kutoka. Akilipia tarehe 13 hadi 14, amelipia usiku mmoja, na muda wa kuachia chumba, tuseme saa nne asubuhi, ni wa Jumatano hiyo hiyo. Atakuwa amekaa saa nane tu. Saa ishirini na nne hazihesabiwi tangu alipopokea ufunguo. Akitaka kulala pia Jumatano usiku, alipie 13 hadi 15, yaani usiku wa pili.

Kuna hatari moja inayobaki hata kwa aliyeweka tarehe sahihi. Mhasibu wa zamu ya usiku hufunga hesabu za siku, mara nyingi kati ya saa sita na saa kumi usiku. Aliyetarajiwa tarehe 13 na hajatokea huweza kuandikwa kuwa hakufika. Fedha za usiku wa kwanza hupotea, na katika baadhi ya hoteli nafasi nzima hufutwa, pamoja na siku zilizobaki.

Dawa yake ni ujumbe kwa mapokezi kabla ya safari, wenye namba ya ndege. Usiandike "nitafika saa 8" peke yake. Mpokeaji anayetumia saa za kimataifa ataelewa saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Andika hivi: "Nimelipia kuanzia Jumanne tarehe 13. Nitafika usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 14, saa nane usiku (02:00). Tafadhali msifute nafasi yangu." Kisha subiri wajibu kwa maandishi.

Kwa anayefika alfajiri, saa kumi na moja hivi, kulipia usiku mzima kunauma zaidi. Huyo aulize kwanza bei ya kuingia mapema. Baadhi ya hoteli hutoza nusu ya bei ya usiku, nyingine hutoza yote.