Mwenye eda na barua pepe za kazini: namna ya kuandika jibu la kutokuwepo ofisini

Mwanamke anayefanya kazi ofisini akifiwa na mumewe, barua pepe haziachi kuingia. Mteja anadai risiti yake, tawi la Pemba linataka idhini, na mgeni wa Ulaya anauliza bei. Mama huyo yumo ndani ya msiba na hajui amuandikie nani nini. Kufiwa na mzazi au ndugu ni jambo jepesi upande huu wa barua, kwani maombolezo ni siku tatu na mtu hurudi kazini wiki hiyo hiyo au inayofuata. Kwa mume ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyokuja katika Suratul Baqara, aya ya 234. Ugumu uko kwenye tarehe.

Tuseme mume alifariki mchana wa 12 Rajabu, na kwa kalenda ya nyumbani siku hiyo ilikuwa 1 Januari. Mke si mjamzito. Miezi ya eda ni ya mwezi mwandamo, basi Shaabani, Ramadhani na Mfunguo Mosi zinahesabiwa kwa kuandama kwake, ziwe na siku 29 au 30. Rajabu ilikwishaanza alipofariki, kwa hiyo siku zilizobaki hukamilishwa kuwa 30 kwa kuchukua siku za Mfunguo Pili, kisha zinaongezwa kumi. Rajabu ikiwa na siku 30, eda itaishia 22 Mfunguo Pili. Ikiwa na 29, itaishia tarehe 23. Jumla haipungui siku 127 wala haizidi 130. Kwa kalenda ya ofisini, basi, ni kati ya 8 na 11 Mei, na hakuna awezaye kusema mwanzoni ni siku gani hasa mpaka miandamo ionekane. Kumbuka pia kuwa aliyefariki baada ya Magharibi huhesabiwa tarehe inayofuata ya Kiislamu, japo cheti cha kifo kitaandikwa tarehe ya siku ile ile.

Kwa hiyo usiandike kwenye jibu lako kwamba unarejea 8 Mei. Andika siku ambayo ni ya uhakika kwa vyovyote vile, yaani 12 Mei. Ukimaliza mapema, hakuna atakayelalamika kwamba umemjibu kabla ya wakati.

Kuna kosa jingine tunaloliona mara nyingi, nalo ni kuchanganya siku za eda na siku za likizo. Ofisi inaweza kukupa eda nzima, wiki chache tu, au sehemu yenye mshahara na sehemu isiyo na mshahara. Muulize ofisa utumishi kwa maandishi, na weka jibu lake. Likizo ikimalizika kabla ya eda, wanazuoni wengi, na hao ni pamoja na wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea visiwani kwetu, wanamruhusu mwenye eda ya kufiwa kutoka mchana kwa haja kama kazi ya kujikimu, na usiku alale nyumbani kwake. Ikiwa ndivyo, tarehe inayokaa kwenye jibu ni ya kurudi kazini, hata kama bado umo edani. Eda yako ni baina yako na Mola wako na watu wa nyumba yako. Mteja hana haja nayo.

Mjamzito hesabu yake ni nyingine kabisa. Eda yake huisha anapojifungua, kesho au baada ya miezi minane. Yeye asiweke tarehe ya eda hata kidogo. Aandike tarehe ya likizo aliyopewa, na asipokuwa nayo aandike tu kwamba atatoa taarifa akirejea.

Siku ya kwanza barua moja inatosha, tena inaweza kuandikwa kwa simu na binti au ndugu kwa niaba yako:

"Assalaam alaykum Bi Mkuu. Mume wangu amefariki leo mchana na nimeingia edani. Naomba likizo, na hati ya kifo nitaileta ikipatikana. Malipo ya wiki hii yamo kwenye faili la bluu mezani kwangu. Mwenzangu wa hesabu anayajua."

Hapo hakuna maelezo ya maradhi wala ya mazishi, na mkuu amepata anachohitaji ili kazi isisimame. Usitume neno la siri la kompyuta kwa barua. Mwenye dhamana ya mitambo anaweza kumfungulia mwenzako njia bila hilo.

Kisha jibu la kutokuwepo. Kwenye Gmail ya simu, fungua menyu, ingia Settings, chagua akaunti yako, kisha Vacation responder. Jaza siku ya mwanzo na siku ya mwisho. Kwa mfano wetu, ya mwisho ni 11 Mei, kwani Gmail huendelea kujibu mpaka mwisho wa siku hiyo. Mtu yule yule akikuandikia mara kwa mara hatajibiwa kila mara. Hupata jibu tena baada ya siku nne akiandika tena. Lakini ukiyabadilisha maneno, anaweza kulipata jipya kabla ya hapo, kwa hiyo yaandike vizuri mara moja. Ofisi zinazotumia Outlook zina Automatic Replies, yenye sehemu mbili: ya watu wa ndani ya ofisi na ya watu wa nje.

Tofauti hiyo ya ndani na nje ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jibu la kiotomatiki linaweza kumwendea yeyote anayeandika, hata tapeli. Kumwambia mtu usiyemjua kwamba mume wako amefariki na utakuwa nyumbani miezi minne ni kumfungulia mlango. Kwa wa ndani:

"Assalaam alaykum. Nimefiwa na mume wangu na nipo likizo hadi 11 Mei. Mambo ya hesabu yapelekwe kwa mhasibu msaidizi. Taazia zenu nimezipokea. Allaah awalipe kheri."

Kwa wa nje:

"Nipo likizo na nitarejea kazini 12 Mei. Kwa malipo na risiti, tafadhali andika kwa anwani ya idara ya hesabu, na utajibiwa na mwenzangu."

Andika anwani kamili, na kwanza muombe mwenzako ridhaa. Usiahidi kwamba utakuwa unasoma barua usiku. Wageni wasiojua Kiswahili waongezewe maneno hayo hayo kwa lugha yao chini yake, bila neno eda, maana wataliuliza.

Katikati ya likizo patatokea la lazima, kwa mfano benki inataka uthibitisho wako. Kujibu barua si kutoka edani wala hakuharibu kitu. Jibu kwa mistari miwili: "Nathibitisha malipo ya kodi ya jengo. Mengine yote yaelekezwe kwa mhasibu msaidizi." Usianze mazungumzo, maana ukijibu la pili watu watasema upo kazini. Barua za rambirambi hazilazimu kujibiwa moja moja, na ile ya mwenzako wa kiume inayoanza kuuliza habari za binafsi usiijibu kabisa.

Mwandamo wa Mfunguo Pili ukishatangazwa, hesabu tena. Jibu linazimika lenyewe usiku wa 11. Ukibadili tarehe ya kurudi kazini, ingia kwenye Settings uisogeze pale, kisha mtumie mkuu wako mstari mmoja wenye tarehe mpya.