Mbaazi, kunde, ndengu na dengu: Kikombe kipi kina protini zaidi?

KIKOMBE kimoja cha dengu zilizopikwa kina takriban gramu 14.5 za protini. Kikombe kama hicho cha ndengu kina gramu 14.2, cha kunde 13.2 na cha mbaazi 11.4. Kwa kipimo hicho dengu ndizo za kwanza na mbaazi ni za mwisho. Hata hivyo, anayeamua la kununua sokoni kwa kutegemea kikombe pekee huenda akalipa zaidi na kupata protini kidogo.

Takwimu hizi ni za majedwali ya vyakula ya Idara ya Kilimo ya Marekani. Zinahusu punje zilizovunwa zikiwa zimekauka, zikachemshwa hadi kuiva, kisha zikachujwa maji. Kikombe kinachokusudiwa ni cha mililita 240. Vikombe vya chai majumbani huenda visilingane na hicho.

Majina yasichanganywe

Ndengu ni zile punje ndogo za kijani ambazo Wapwani huziita pojo na Watanzania huziita choroko. Dengu ni punje kubwa zaidi, za rangi ya maziwa au kahawia, zenye mikunjo na ncha mfano wa mdomo wa ndege. Katika maduka ya Wahindi huitwa chana, na unga wake ndio unaotumiwa kupikia bajia. Kwa kuwa baadhi ya watu huziita ndengu kwa jina la dengu, ni vyema mnunuzi aangalie punje zenyewe.

Kunde nazo zina utata wao. Katika maeneo mengi ya Kenya neno hilo humaanisha pia mboga ya majani. Takwimu iliyotajwa ni ya punje kavu, wala si ya majani. Kadhalika, mbaazi mbichi za kijani zinazobanduliwa kutoka kwenye maganda zina protini chache kuliko zilizokauka. Kikombe chake kikishapikwa kina takriban gramu 9.

Maji ndiyo hubadilisha hesabu

Kabla ya kupikwa, mpangilio huwa tofauti kabisa. Katika kila gramu 100 za punje kavu, ndengu zina takriban gramu 24 za protini, kunde 23.5, mbaazi karibu 22 na dengu 20.5. Dengu, zinazoongoza katika kikombe, ndizo za mwisho katika mizani.

Sababu ni maji. Punje kavu huyanywa zinapolowekwa na kuchemshwa, lakini hazinywi kwa kiasi sawa. Gramu 100 za ndengu kavu hufikia takriban gramu 340 zikishaiva. Gramu 100 za dengu hufikia takriban 230 tu. Dengu iliyoiva hubaki ngumu kidogo na nzito kwa chakula, huku ndengu ikiwa laini na iliyojaa maji. Protini yenyewe haikuongezeka wala haikupungua. Imetawanywa tu katika uzito mkubwa au mdogo.

Umbo la punje pia lina nafasi yake. Ndengu ni ndogo, na zikiiva hupasuka na kujaza kila pengo, hivyo kikombe chake huwa na uzito wa takriban gramu 200. Dengu ni kubwa na huacha nafasi katikati, na kikombe chake huwa na gramu 164 pekee. Ndiyo maana ndengu, licha ya kubeba maji mengi zaidi, hukaribia sana dengu kikombe kwa kikombe.

Mfano wa nusu kilo

Chukua familia ya watu watano inayopika nusu kilo ya punje kavu kwa chakula cha jioni. Ikipika ndengu, sufuria itakuwa na takriban gramu 119 za protini, na chakula chenyewe kitajaza vikombe vinane na kitu. Kila mtu atapata karibu gramu 24. Ikipika kunde, sufuria itakuwa na gramu 117, na kila mtu atapata zaidi ya 23.

Nusu kilo ya mbaazi itatoa gramu 108, yaani karibu 22 kwa kila mtu, lakini itajaza vikombe zaidi ya tisa. Nusu kilo ya dengu itatoa gramu 102, yaani 20 kwa kila mtu, katika vikombe saba tu.

Tofauti kati ya aliyekula ndengu na aliyekula dengu ni takriban gramu tatu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku, kwa hivyo pengo hilo si kubwa. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba ikiwa kilo ya dengu inauzwa ghali kuliko kilo ya ndengu au kunde, pesa za ziada hazinunui protini ya ziada. Anayenunua kwa gorogoro anafaa kupima uzito kwanza, kwa kuwa mkebe hupima ujazo wala si kilo.

Kikombe, kwa upande wake, kina manufaa kwa mtu anayekula kidogo, kama vile mtoto au mgonjwa. Huyo hushiba upesi, na kikombe kimoja cha dengu kitampa gramu tatu zaidi kuliko kikombe cha mbaazi.

Mchuzi na punje zisizoiva

Kosa la kawaida ni kuhesabu mchuzi kama punje. Bakuli la ndengu ambalo nusu yake ni mchuzi halina gramu 14, bali karibu saba. Njia rahisi ya kujua ni kuchota kikombe kimoja kutoka kwenye sufuria, kukichuja na kutazama punje zinafika wapi zikirudishwa kikombeni. Tui la nazi katika mbaazi huongeza ladha na mafuta, lakini protini yake ni haba.

Punje zisizoiva vizuri pia hupunguza faida, kwa kuwa zina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, na viini hivyo huharibiwa na moto. Punje iliyoiva hupondeka yote ikibanwa kwa vidole viwili, bila kiini kigumu katikati. Dengu na mbaazi kavu zilowekwe usiku kucha. Ndengu na kunde huweza kupikwa hata bila kulowekwa.

Punje zilizowekwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hukataa kulainika hata zikichemshwa kwa saa nyingi. Baadhi ya wapishi hutia magadi ili ziive upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1. Ni heri kununua mavuno mapya.

Mwisho, protini ya punje zote nne ina upungufu wa aina moja: ina kiasi kidogo cha kijenzi kiitwacho methionini. Mahindi, mchele na ngano vinacho, ilhali vinakosa laisini, ambayo punje hizi zinayo kwa wingi. Ndengu kwa chapati, pojo kwa wali, mbaazi kwa mahamri na kunde zilizochanganywa na mahindi hukamilishana. Tofauti inayoletwa na mchanganyiko huo yaweza kuwa na uzito kuliko gramu tatu zinazotenganisha kikombe kimoja na kingine.