Kipeo cha Uchovu: Namna ya Kukadiria Muda wa Kumaliza Mbio

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 kwa dakika 13 na sekunde 21.6. Kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 40. Mwaka 1987 alishinda Marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 11, na safari hii kila kilomita ilimchukua kama dakika 3 na sekunde 6.

Mtu akichukua mwendo wa Moscow na kuuzidisha kwa kilomita 42.195, anapata saa 1, dakika 52 na sekunde 45. Ni muda wa kufikirika tu: hata Kelvin Kiptum wa Kenya, alipoweka rekodi ya dunia Chicago mwaka 2023, alitumia saa 2 na sekunde 35. Hesabu hiyo imesahau kwamba kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo mwili unavyoshindwa kushikilia mwendo uleule.

Mwaka 1977 mhandisi Mmarekani Peter Riegel alionyesha namna ya kuuingiza uchovu huo katika hesabu. Aligundua kwamba umbali ukiongezeka maradufu, muda huongezeka zaidi ya maradufu, na kwa kiasi kinachofuata utaratibu. Kanuni yake ni hii, M ikiwa muda na U umbali, 1 ikiwa mbio zilizokwisha kukimbiwa na 2 zile zinazokadiriwa:

```
M2 = M1 × (U2 ÷ U1)^1.06
```

Namba 1.06 ndiyo inayoitwa hapa kipeo cha uchovu. Neno "kipeo" ni lile la darasa la hisabati, kama katika kipeo cha pili. Kipeo kikiwa 1 kamili, mkimbiaji hachoki kabisa. Kinapozidi 1, ile ziada ndiyo uchovu wenyewe. Kwa Nyambui, kipeo cha 1.06 kinatoa saa 2 na dakika 8 kwa marathoni, pungufu ya muda wake wa Berlin kwa dakika tatu. Kipeo kinachooanisha mbio zake hizo mbili ni kama 1.07, ingawa miaka saba ilipita kati yake.

Sasa tumchukue mkimbiaji wa Bunda anayejiandaa kwa nusu marathoni. Amejipima kilomita 10 kwa bidii yake yote na kutumia dakika 50, yaani dakika 5 kwa kilomita. Bila uchovu angemaliza kilomita 21.1 kwa saa 1, dakika 45 na nusu. Kwa kipeo cha 1.06, makadirio ni saa 1 na dakika 50, sawa na dakika 5 na sekunde 14 kwa kilomita.

Zile sekunde 14 hazisubiri kilomita za mwisho. Kanuni inatoa mwendo wa wastani, na mkimbiaji anapaswa kuushika tangu anapoanza. Akitoka kwa dakika 5 kamili hadi kilomita ya 12, bado atafikia saa 1 na dakika 50 hata kama kilomita tisa zilizobaki atazikimbia kwa dakika 5 na sekunde 32. Tatizo ni kwamba aliyetoka kasi kupita uwezo wake mara nyingi hupunguza mwendo zaidi ya hapo. Dalili huonekana kwenye saa: nusu ya pili ikizidi ya kwanza kwa dakika kadhaa kwenye njia tambarare, mwanzo ulikuwa wa haraka mno.

Makosa mengine huanzia kwenye namba inayoingizwa. Mwendo wa mazoezi mepesi, ule ambao mtu anaweza kuzungumza huku akikimbia, hutoa makadirio ya polepole mno. Mwendo wa vipande vya mita 400 vyenye mapumziko katikati hudanganya kinyume chake, kwa kuwa uchovu umefutwa na mapumziko. Kinachofaa ni jaribio moja lisilokatizwa, kwa bidii ya siku ya mashindano. Tena kanuni haijui joto wala vilima: aliyejipima kandokando ya ziwa pale Musoma asitegemee namba hiyo kwenye mwinuko wa kuelekea Mweka katika Kilimanjaro Marathon.

Riegel mwenyewe aliweka mpaka: kanuni yake inafaa kwa mbio za dakika 3.5 hadi 230. Wanaokimbia marathoni kwa saa nne wako nje ya mpaka huo, na asiyezoea mazoezi marefu huhitaji kipeo kikubwa zaidi.

Kipeo cha mtu binafsi hupatikana kwa kujaribu namba kwenye kikokotoo. Mkimbiaji wetu akimaliza nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 53, ataona kwamba 1.09 ndiyo inayoirudisha namba hiyo kutoka kwenye dakika 50 zake za kilomita 10. Akifikiria marathoni kwa kuanzia na muda huo wa nusu marathoni, kipeo cha 1.06 kingemwahidi saa 3 na dakika 56; chake mwenyewe kinamwambia apange kwa saa 4.