Kitabu Kisichogombeza

Binamu yangu alikuwa na miaka 17 alipouliza swali lake madrasani. Jirani zetu pale Tanga ni Wakristo, na watoto wao tumekua nao. Yeye akamuuliza ustadhi: kama ningezaliwa kwenye nyumba ile ya pili, si leo ningekuwa naimba kwaya? Basi nitajuaje kuwa nimeamini, na si kwamba nimezaliwa tu? Ustadhi alimwambia amtake Mungu msamaha, kisha akafunga darasa mapema.

Jioni alinijia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma historia. "Kaka, huna kitabu? Lakini kisiwe cha kunigombeza."

Nilipekua nilivyonavyo. Vingine vilijibu kila shaka kwa aya moja, na mwenye kuuliza alionekana mjinga kabla hajamaliza sentensi yake. Vingine viliandikwa na watu walioiacha dini, nao waliwacheka waliobaki. Mwisho nikashika kijitabu chembamba chenye umri wa zaidi ya miaka 900: Al-Munqidh mina Dhalal, yaani Mwokozi kutoka Upotevuni, cha Imamu Abu Hamid Al-Ghazali. Nilimpa tafsiri ya Kiingereza, maana Kiarabu chetu sote wawili ni cha kusoma bila kuelewa.

Jina la Ghazali si geni pwani. Masheikh humwita Hujjatul-Islam, na kitabu chake kikubwa, Ihyaa, husomeshwa hadi leo. Wasichotusimulia sana ni kwamba mtu huyo aliwahi kushindwa kuamini hata macho yake. Anaeleza mwenyewe, akiwa amevuka miaka 50, kwamba tangu ujanani aliona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Mayahudi wakikua Mayahudi, na wa Waislamu wakikua Waislamu. Imani ya kurithi ikamvunjika mkononi. Binamu yangu alipofika hapo alinipigia simu usiku. "Hili ni swali langu," akasema. "Yeye hakufukuzwa?"

Hakufukuzwa, ila swali lilimpeleka mbali. Alitafuta elimu isiyoweza kutikiswa, akaanza na milango ya fahamu. Ukitazama kivuli unakiona kimetulia. Baada ya muda unagundua kilikuwa kinasogea kidogo kidogo. Nyota unaiona ndogo kama dinari, na hesabu zinakuambia ni kubwa kuliko dunia. Kumbe macho yanadanganya, na akili ndiyo iliyoyaumbua. Lakini je, akili nayo ikidanganya, nani ataiumbua? Ndotoni tunaamini mambo bila wasiwasi hadi tunapoamka. Huenda kuna hali nyingine ambayo, tukiifikia, kukesha kwetu huku nako kutaonekana ndoto. Anasema alikaa na ugonjwa huo karibu miezi miwili, na hakuna hoja iliyomponya, kwa sababu kila hoja huhitaji msingi, na msingi ndio uliokuwa umebomoka. Alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Msomaji wa leo anaweza kukasirika hapo, na binamu yangu alikasirika. Lakini unyoofu wake mimi nauona hapo hapo. Angeweza kujitungia ushindi wa hoja. Badala yake alikiri kwamba hoja hazikutosha.

Baada ya hapo anaeleza jinsi alivyoyachunguza makundi ya wakati wake. Mwaka 1091 alikuwa ameteuliwa kusomesha Nidhamiya ya Baghdadi, akiwa na wanafunzi kama 300. Katika saa alizoziiba kwenye kazi hiyo alijisomea falsafa bila mwalimu, kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akiitafakari. Alishika kanuni moja: huwezi kuonyesha kosa la elimu fulani mpaka uijue sawa na bingwa wake, kisha umzidi.

Kanuni hiyo ilizaa kisa ambacho nimekipenda tangu chuoni. Kabla ya kuwapinga wanafalsafa alikusudia kwanza kueleza wanachosema, na kitabu chake cha maelezo, Maqasid, kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12. Nakala nyingi zilizosambaa Ulaya hazikuwa na dibaji inayotaja kusudi lake. Wasomi wa huko, wakimwita Algazel, wakaamini kwamba yeye mwenyewe ni mfuasi wa Ibn Sina. Kipimo hiki nakitumia mpaka sasa kwa kitabu chochote cha dini: chukua sura inayoeleza hoja ya mpinzani, uisome peke yake. Kama mpinzani angekubali kuitia saini, endelea kusoma. Kama angesema, "Mimi sijawahi kusema hivyo," kifunge.

Wenzake hawakufurahia tabia hiyo. Alipoandika dhidi ya Waismailia, aliowaita Wabatini, mtu mmoja alimlaumu kwamba amezipanga hoja zao vizuri kuliko wao wenyewe walivyoweza. Ghazali analikubali lawama hilo kwa sehemu, kisha anakumbusha mzozo wa zamani. Al-Harith Al-Muhasibi aliandika kuwajibu Muutazila, na Imamu Ahmad bin Hanbal akamkemea: umeitaja shaka kwanza, ndipo ukajibu, unajuaje kama msomaji hataishika shaka na kuliacha jibu? Ghazali anasema Imamu Ahmad ana haki, ila kwa shaka ambayo bado haijaenea. Ikishaenea, kujibu ni lazima, na hakuna jibu pasipo kulieleza swali kwanza.

Nilipomsomea binamu yangu ukurasa huo, alinyamaza. Kisha akasema ustadhi wake hakuwa mtu mbaya. Labda aliogopa wale watoto wadogo wa mstari wa mbele. Nikaona amemtendea ustadhi haki ambayo mimi sikuwa nimemtendea.

Sikumficha upande wa pili. Mwaka 1095, katika kitabu chake Tahafut, Ghazali aliyapinga masuala 20 ya wanafalsafa, na katika matatu kati ya hayo akawahukumu kuwa makafiri. Siku chache kabla ya kufa mwaka 1111 alimaliza kitabu cha kuwazuia watu wa kawaida wasijiingize katika mijadala ya itikadi. Aliyejiruhusu kuuliza kila kitu hakuona kwamba ruhusa hiyo ni ya kila mtu.

Kwa hiyo nilimwongezea mtu wa pili: Ibn Rushd, kadhi wa Sevilla na Kordoba, aliyejibu Tahafut yapata mwaka 1180. Humnukuu Ghazali kipande kwa kipande, kisha humjibu. Ukitaka, unaweza kuwasoma wote wawili katika kitabu kimoja na kuamua mwenyewe. Ni kigumu, nilimwambia asome mjadala wa moto na pamba tu, yaani je, moto ndio unaounguza pamba, au Mungu huumba kuungua pale viwili hivyo vinapokutana.

Alinirudishia Munqidh baada ya mwezi wa Ramadhani, aliokuwa ameufunga wote. Pembeni mwa ukurasa wa nuru alikuwa ameandika kwa penseli: "Yake ilikuja baada ya miezi miwili. Yangu je?"

Sikuwa na jibu, na sikulifuta swali. Kitabu bado kiko kwangu. Kijana mwingine akija kuazima, atalikuta pale.