Kuandikisha ndoa ya kanisa: Butembo na Beni

Ndoa iliyofungwa kanisani au msikitini, hata mbele ya umati, bado si ndoa mbele ya Leta. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa inayofungwa na afisa wa hali ya kiraia wa komini, au ile ya kifamilia iliyoandikishwa kwake. Ya kifamilia inatakiwa kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja. Wachumba huenda komini na mashahidi. Afisa huhakikisha wachumba wote wawili wametimiza miaka 18, wamekubali, na familia zimeelewana juu ya mahari. Kisha hutoa cheti cha ndoa. Karatasi ya padri au mchungaji haichukui nafasi ya cheti hicho.

Hatari huonekana zaidi mume anapokufa, na katika eneo lenye mauaji mengi kama Beni hilo si jambo la mbali. Tuchukue mjane wa Mulekera ambaye kiwanja kimeandikwa jina la marehemu peke yake. Mke mwenye cheti ni mrithi, tena ana haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa. Asiye nacho, shemeji zake wanaweza kumwambia hakuwa mke. Watoto wana nafuu zaidi: waliotambuliwa na baba yao hurithi hata kama wazazi hawakuandikisha ndoa. Asipowatambua, nasaba yao nayo hubishaniwa. Mama hubaki akitafuta mashahidi wa mahari ili mahakama imsikilize.